Kapi la mpunga, maziwa na kivumbasi: uchambuzi wa kisa cha jicho lililopata kovu

Kisa hiki ni cha mkulima mmoja wa mpunga nchini Tanzania. Jina lake, kijiji chake na hospitali aliyotibiwa havitajwi, na baadhi ya maelezo ya familia yamebadilishwa ili asitambulike. Tumekichagua kwa sababu jeraha lenyewe lilikuwa dogo. Mkwaruzo kama ule, ukiachwa safi na kupakwa dawa ya tyubu, kwa kawaida hufunga ndani ya siku mbili au tatu. Huyu alimaliza miezi miwili kwenye matibabu, na bado hakurudishiwa macho mawili.

Mgonjwa na mazingira yake

Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mwenye afya njema, hajawahi kuugua macho wala kuvaa miwani. Ulikuwa wakati wa mavuno na mpunga ulikuwa unapigwa kwa mkono juu ya turubai, watu wanne wakizunguka. Zahanati ilikuwa umbali wa saa moja na nusu kwa baiskeli. Duka la dawa muhimu lilikuwa karibu zaidi, pale senta. Nyumbani walikuwepo mke wake, shemeji yake aliyekuwa akinyonyesha mtoto wa miezi minne, na bibi wa mke, ambaye majirani humwendea kwa dawa za homa na tumbo za watoto.

Tunamtaja bibi kwa heshima. Kila aliyemsaidia mgonjwa huyu alimsaidia kwa nia njema, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake: “Mbona fulani aliwekewa akapona?” Tutarudi kwenye swali hilo, kwa kuwa ndilo linalofanya dawa hizi ziendelee kuaminika.

Mambo yalivyokwenda, siku kwa siku

Siku ya kwanza, kama saa nne asubuhi, kapi lilimrukia jicho la kulia. Alilisugua kwa mkono wenye vumbi, akanawa kwa maji ya kwenye dumu, akaendelea na kazi. Jioni jicho likawa jekundu, linatoa machozi, na kila akipepesa anahisi mchanga. Usiku shemeji alimkamulia matone kadhaa ya maziwa moja kwa moja kutoka titini. Akasema amepoa kidogo, akalala.

Siku ya pili akawekewa maziwa tena, asubuhi na usiku. Maumivu hayakuongezeka, hivyo hakuna aliyeona haja ya kwenda zahanati wakati mpunga uko nje na mawingu yanajikusanya.

Siku ya tatu jicho lilikuwa bado jekundu, na kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo. Bibi akachuma kivumbasi nyuma ya nyumba, akakisugua kiganjani mpaka kikalainika, akakikamulia kwenye pindo la khanga, na matone mawili ya maji ya kijani yakaingia jichoni. Yaliwaka vikali. Akaambiwa avumilie, kwamba kuwasha ndiko kunakotoa uchafu. Alivumilia asubuhi na jioni kwa siku tatu.

Siku ya sita mke wake aliona doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho, dogo kama kichwa cha kiberiti. Mwanga ulikuwa unamuumiza, akawa anajifunika taulo kichwani. Siku ya saba alipelekwa dukani, akaomba dawa ya macho mekundu. Alipewa matone yenye antibayotiki iliyochanganywa na deksamethasoni. Hakuna aliyemuuliza jicho lilianza kuuma kwa sababu gani, wala kulimulika kwa tochi. Kesho yake wekundu ulipungua na maumivu yakashuka, nyumbani wakashukuru. Siku ya tisa usiku maumivu yalirudi kwa nguvu, hadi kichwa upande wa kulia kikauma, naye akawa haoni vidole vyake mwenyewe vizuri.

Siku ya kumi alifika zahanati. Muuguzi alimulika, akaona doa jeupe lililokwisha kuwa kubwa, akaandika rufaa papo hapo. Siku ya kumi na moja alikuwa hospitali yenye kitengo cha macho.

Kilichoonekana hospitalini

Jicho la kushoto lilisoma ubao wote, 6/6. La kulia liliweza tu kuhesabu vidole kwa umbali wa mita moja. Baada ya kuweka tone la rangi ya fluoresini na kumulika kwa mwanga wa buluu, kidonda kiling'aa kijani katikati ya kioo cha jicho, yaani utando angavu ulio mbele ya mboni: urefu milimita 5, upana 4. Kingo zake hazikuwa laini. Zilichanika kama ncha za unyoya, na pembeni kulikuwa na madoa mawili madogo yaliyojitenga. Nyuma ya kioo, chini kabisa, usaha ulikuwa umetuama kama mstari mweupe wa milimita 1.

Aliulizwa, “Umetumia dawa gani nyumbani?” Akajibu kuwa hajatumia kitu, ila ya dukani tu. Mhudumu akageuza kope la juu kwa kijiti chenye pamba, na chini yake kulikuwa na kipande cha jani, chembamba, kimekauka rangi ya kahawia, kikikwaruza kioo kila alipopepesa. Hapo swali likaulizwa kwa namna nyingine: “Kaka, watu wengi wanaweka kitu nyumbani kabla ya kuja, na hapa hatumgombezi mtu. Nyie mliweka nini, na mara ngapi?” Mke ndiye aliyeeleza yote, kuanzia maziwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha matone yenye deksamethasoni. Dawa ya jamii hiyo hushusha uvimbe kwa kuzima askari wa mwili, na ndiyo maana jicho lilionekana limepona kwa siku mbili huku kidonda kikiendelea kula chini kwa chini.

Wa pili ulikuwa kukwangua kidonda kabla ya kuanzisha dawa yoyote mpya. Jicho lilitiwa ganzi ya matone, kingo zikakwanguliwa kwa ncha ya sindano, na kilichopatikana kikawekwa kwenye kioo cha maabara pamoja na potasiamu haidroksidi ya asilimia 10. Darubini ilionyesha nyuzi zenye matawi, yaani fangasi. Bila kipimo hicho angeendelea kupewa antibayotiki, ambayo haiui fangasi hata ikitiwa mwezi mzima.

Alilazwa, akaanzishiwa dawa ya fangasi, natamisini ya asilimia 5, tone moja kila saa, usiku na mchana kwa siku mbili za mwanzo, kisha kila saa akiwa macho. Aliongezewa antibayotiki ya matone kwa sababu kidonda kilichowekewa maji ya majani mara nyingi kina vijidudu vya aina zaidi ya moja, na atropini ya asilimia 1 mara mbili kwa siku ili kulegeza misuli ya ndani iliyokuwa ikikaza na kuuma. Jicho halikufungwa bandeji. Jicho lenye maambukizi likifungwa huwa na joto na unyevunyevu, usaha hautoki, na dawa ya kila saa haiwezi kuingia.

Kuna jambo moja la mkononi ambalo lingeweza kuharibu kazi yote. Natamisini ni ya unga ulioelea kwenye maji, chupa ikikaa unga unashuka chini. Siku ya pili wodini mke alikuwa anatia bila kutikisa, na jichoni yalikuwa yanaingia zaidi maji matupu. Alionyeshwa kutikisa kwanza, kuvuta kope la chini, kudondosha tone moja tu, na kuhakikisha ncha ya chupa haigusi jicho.

Matokeo

Usaha uliisha ndani ya wiki tatu. Kidonda kilifunga katika wiki ya nane. Jicho halikutoboka, ingawa katikati kioo kilikonda kiasi cha kutia wasiwasi katika wiki ya pili. Kilichobaki ni kovu jeupe mbele ya mboni, na uwezo wa kuona wa 3/60: anachokiona mtu mwingine akiwa mita 60, yeye inabidi asogee hadi mita 3. Miwani haisaidii, maana tatizo ni kioo chenyewe kuwa na ukungu. Kupandikizwa kioo kingine kutoka kwa mtu aliyefariki kunawezekana kitaalamu, lakini ni huduma adimu kwetu, na jicho lililokonda kwa fangasi si jepesi kupandikizwa. Mavuno ya msimu ule yalimaliziwa na mke na vibarua.

Uchambuzi: maziwa yaliiba muda

Kioo cha jicho katikati kina unene wa kama nusu milimita, na ngozi yake ya juu ni sehemu ya kumi tu ya unene huo. Ngozi hiyo ndiyo mlango. Ikiwa nzima, vijidudu vingi haviwezi kupita. Ikikwaruzwa, mlango uko wazi mpaka seli za pembeni zijisogeze na kuuziba, kazi inayoanza ndani ya saa chache. Tiba yote ya mkwaruzo ni kulinda mlango katika saa hizo.

Kuna utafiti unaoonyesha saa hizo zina thamani gani. Bhaktapur, nchini Nepali, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kutambua mkwaruzo na kupaka mafuta ya macho ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara tatu kwa siku kwa siku 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Kati ya watu 284 walioanza dawa ndani ya saa 18 baada ya kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Kati ya 109 walioanza kati ya saa 18 na 24, walipata 4. Kati ya 49 waliochelewa hadi kati ya saa 24 na 48, walipata 14.

Sasa rudi kwa mgonjwa wetu. Aliumia saa nne asubuhi, kwa hiyo saa zake 18 ziliisha kabla ya jogoo kuwika siku ya pili. Katika muda huo dawa pekee jicho lililopata ni maziwa. Pengine maziwa yale hayakumwongezea kijidudu chochote. Kosa lake kubwa ni kuwapa wote hisia kwamba jicho limeshatibiwa.

Lakini si kweli pia kwamba maziwa ni maji safi. Yanapita kwenye chuchu na vidole, yanabeba bakteria wa ngozi, na yana sukari na protini ambavyo bakteria hao huvila kwa furaha. Kinga iliyomo ni ya kweli, ila kazi yake inajulikana zaidi kwenye utumbo wa mtoto. Haitoshi kuua fangasi waliokwisha kuingia ndani ya kioo.

Na kwa nini “fulani aliwekewa akapona”? Kwa sababu mikwaruzo mingi hufunga yenyewe. Vivyo hivyo kwa watoto wachanga: tongotongo nyingi zinatokana na mfereji wa machozi ambao haujafunguka, na kwa walio wengi hufunguka wenyewe kabla ya mwaka mmoja. Maziwa yakiwekwa katikati ya safari hiyo, yanapewa sifa. Hatari ni mtoto wa siku mbili hadi tano mwenye kope zilizovimba na usaha mwingi wa njano. Huyo anaweza kuwa na kisonono alichopata njiani wakati wa kuzaliwa, na vijidudu hivyo vina uwezo wa kupenya hata kioo kisicho na mkwaruzo na kukitoboa ndani ya siku chache. Anahitaji sindano hospitalini siku hiyo hiyo, na wazazi wote wawili watibiwe. Kumkamulia maziwa asubuhi “tuone mpaka jioni” ni kumpa kijidudu siku nzima.

Uchambuzi: kivumbasi kilifanya mambo matatu kwa wakati mmoja

Kivumbasi kina mafuta yenye harufu kali, ndiyo maana kinafukuza mbu. Mafuta hayo hayo yanaunguza seli za juu za kioo. Mwasho aliouvumilia haukuwa uchafu unaotoka, ulikuwa ngozi changa iliyoanza kuziba mkwaruzo ikiunguzwa upya mara mbili kwa siku. Kila tone lilirudisha jeraha mwanzo, na kila mara likawa pana kidogo.

Pili, majani na udongo ni makazi ya fangasi. Kapi la mpunga huenda lilileta mbegu za kwanza za fangasi, lakini jani bichi lililosuguliwa kiganjani na kuchujwa kwa pindo la khanga lilipeleka nyingine mara sita ndani ya siku tatu, moja kwa moja kwenye jeraha lililo wazi. Wengine hujitetea kwamba wao huchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu vingi, sawa, lakini hakuondoi ukali wa mmea, na maji yakipoa kwenye kikombe kisicho safi yanachafuka upya.

Tatu, kilibaki kipande cha jani chini ya kope. Chujio la kitambaa huzuia nyama ya jani, lakini linaweza kupitisha vipande vyake vyembamba.

Kivumbasi si kibaya kuliko vyote. Utomvu wa mnyaa, ule mweupe kama maziwa, hata mtu akirukiwa kwa bahati mbaya wakati wa kukata ua, unaweza kuchoma kioo na kuleta uvimbe mkali ndani ya jicho. Chokaa na maji ya majivu ni ya jamii ya magadi: yanayeyusha mafuta ya seli na kuendelea kuzama ndani hata baada ya mtu kuacha kuyaweka. Mkojo unaweza kubeba kisonono. Hivi vyote vimewahi kuwekwa machoni kama dawa.

Uchambuzi: dukani na zahanati

Duka la dawa nalo lina fungu lake, tena kubwa. Dawa ya kisasa iliyotolewa bila kuangalia jicho iliharakisha fangasi kuliko pengine kitu kingine chochote katika kisa hiki. Wekundu wa macho una sababu nyingi, na matone yenye deksamethasoni hayapaswi kutolewa kwa jicho lililoumizwa na jani, kapi au mti bila mtaalamu kulikagua. Maswali mawili tu yangetosha kumzuia muuzaji: “Kuna kitu kilikuingia?” na “Unaona vizuri kama jana?”

Zahanati ilifanya vizuri kwa kutojaribu. Muuguzi hakufunga bandeji, hakumpa dawa ya kwenda nayo nyumbani siku tano, aliandika rufaa. Doa jeupe juu ya kioo, maumivu na kuona hafifu havitibiwi kwa kusubiri.

Hospitalini, kosa lilikuwa swali la kwanza. “Umetumia dawa gani?” linajibiwa kwa kutaja dawa za dukani, kwa sababu kivumbasi na maziwa nyumbani haviitwi dawa za hospitali, na mtu anaogopa kufokewa. Kama kope lisingegeuzwa, jani lingebaki pale likikwaruza huku natamisini ikilaumiwa kwamba haifanyi kazi.

Jicho hili lingeshughulikiwa vipi siku ya kwanza

Kunawa mikono kwa sabuni kwanza. Kisha kumimina maji safi, yaliyochemshwa na kupoa yakiwepo, kutoka upande wa pua kuelekea sikio, huku mtu akipepesa, bila kusugua. Kama kapi linaonekana likielea kwenye nyeupe ya jicho au kope la chini, litolewe kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowa. Likiwa limenasa kwenye kioo, liachwe.

Kisha zahanati siku hiyo hiyo. Mkwaruzo usio na doa jeupe hupakwa mafuta ya macho ya kloramfenikoli au tetrasaiklini ya asilimia 1, urefu wa kama sentimita moja ndani ya kope la chini, mara tatu kwa siku kwa siku tatu, na jicho kukaguliwa tena kesho yake. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, doa jeupe likitokea, au kuona kukipungua, ni rufaa bila kumaliza tyubu.

Jicho lililochomwa likatoboka, lenye mboni iliyovutika au kitu kilichochoma na kubaki, halioshwi wala halipakwi mafuta. Funika kwa kitako cha kikombe safi cha plastiki kilichokatwa, kiegemee kwenye mifupa inayozunguka jicho bila kuligusa, umpeleke mgonjwa hospitali.

Na kama kitu kimeshawekwa? Osha kwa maji mengi yanayotiririka, angalau dakika 15. Kwa mnyaa, chokaa au majivu iwe 30, na kope la juu livutwe mbali na jicho maji yapite chini yake. Usiweke kitu kingine kuzimua cha kwanza, si maziwa, si mafuta ya nazi. Chukua jani au chupa iliyotumika, uiweke kwenye mfuko na uende nayo, umwonyeshe mhudumu kabla hajauliza.